Kwa nini mpelelezi mwenye vituko hatembei peke yake

Hotuba hii niliitoa kwenye kikao cha wasomaji na waandishi wa hadithi za upelelezi. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana sana.

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wasomaji, na ninyi waandishi chipukizi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, habari za mchana.

Nina swali moja tu leo. Kwa nini wawili?

Kwa nini Sherlock Holmes ana Watson? Kwa nini Hercule Poirot alianza na Hastings? Kwa nini Bwana Msa wetu wa Unguja, na kiko chake mdomoni, ana Najum pembeni? Mmoja ana akili za ajabu na vituko vyake. Mwingine ni mtu kama mimi na wewe: ametulia, ana adabu, anakula kwa wakati, anashangaa panapostahili kushangaa. Ukifungua mfululizo wa hadithi za upelelezi wa karne iliyopita, au ukiwasha televisheni usiku huu, uwezekano ni mkubwa utawakuta hao hao wawili wamebadilishiwa majina na nguo.

Jibu la haraka mnalijua. Watasema ni urafiki, watu wanapenda urafiki. Watasema waandishi wanaigana. Yote mawili ni kweli, wala sibishi. Waliiga, tena bila kuficha. Mwaka 1841 Edgar Allan Poe, Mmarekani, aliandika juu ya bwana mmoja wa Paris aitwaye Dupin, anayefunga madirisha mchana na kuwasha mishumaa, anayetoka nje usiku tu kutembea. Anayetusimulia habari zake ni rafiki anayeishi naye nyumba moja, na rafiki huyo hata jina hakupewa. Miaka arobaini na kitu baadaye, 1887, Arthur Conan Doyle akamleta Holmes, akamleta na Watson. Mwaka 1920 Agatha Christie akamleta Poirot, akamleta na Hastings. Mwaka 1960 kikatoka kitabu cha kwanza cha Bwana Msa cha Muhammed Said Abdulla, baada ya muswada wake kushinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957 hadi 1958. Mzee yule hakuficha kiko kilikotoka.

Lakini mambo mangapi yaliigwa yakafa? Hadithi za wakati wa Doyle zilijaa vitu ambavyo leo hakuna anayevitaka. Kwa nini hiki hakikufa? Mimi kazi yangu ni kuhariri miswada, na nawaambia, hiki hakikufa kwa sababu kinafanya kazi. Kuna tatizo ambalo kila mwandishi wa hadithi za upelelezi hukutana nalo, na huyu mtu wa pili ndiye dawa yake.

Tatizo lenyewe ni hili. Msomaji anataka aonyeshwe kila kitu. Msomaji huyo huyo anataka asijue kitu mpaka mwisho. Ukimficha ushahidi, atakuita mwongo. Ukimwonyesha ushahidi pamoja na mawazo ya mpelelezi, hadithi itaisha ukurasa wa thelathini. Ni kama kutazama fundi wa bao akicheza: kete zote ziko wazi mbele yako, hakuna iliyofichwa mfukoni, ila hujui anawaza kuanzia shimo lipi. Sasa wewe mwandishi utaonyeshaje kete zote bila kuonyesha wazo?

Sikilizeni hadithi ya farasi.

Ni ya mwaka 1892. Farasi wa mashindano, jina lake Silver Blaze, ametoweka usiku kwenye zizi la Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza. Mkufunzi wake, John Straker, amekutwa asubuhi amekufa bondeni, robo maili kutoka zizini. Kichwa kimepasuliwa kwa pigo zito. Paja lina jeraha refu la kitu chenye makali. Mkono mmoja umeshika kisu kidogo chembamba, cha aina wanayotumia madaktari wa macho. Mkono mwingine umeshika skafu ya hariri. Mwenye skafu ni kijana mmoja mcheza kamari aliyekuwa akizungukazunguka pale usiku ule, na polisi wamemkamata.

Watson anatusimulia yote. Tena yote, nasema. Anatuambia kijana wa zizi alipewa chakula cha jioni, nyama ya kondoo yenye mchuzi wa bizari, na kwamba ndani yake mlikuwa na kasumba iliyomlaza fofofo. Anatuambia mfukoni mwa marehemu palikuwa na ankara ya duka la nguo za kike, gauni la bei kubwa, kwa jina la mtu mwingine. Anatuambia Holmes alilala kifudifudi akaokota matopeni kipande cha kiberiti kilichoungua nusu, na inspekta akashangaa yeye kilimpita vipi. Anatuambia Holmes alimuuliza mchungaji kama kondoo wake wamepata tatizo lolote, akajibiwa kwamba watatu wamekuwa wakichechemea, na Holmes akasugua viganja kwa furaha.

Kisha anatuletea mazungumzo ambayo hata wasiosoma hadithi hizi wameyasikia. Inspekta anauliza kama kuna jambo la kuangalia zaidi. Holmes anataja tukio la ajabu la mbwa usiku ule. Inspekta anasema, lakini mbwa hakufanya kitu usiku ule. Holmes anasema, hilo ndilo la ajabu.

Ndugu zangu, kufikia hapo ushahidi wote uko mezani. Bizari ni chakula chenye ladha kali ya kufunika ladha ya kasumba, na mgeni wa nje hawezi kuamua nyumba ile ipike nini usiku ule. Anayeweza ni mwenye nyumba. Mbwa hakumbwekea aliyemtoa farasi kwa sababu alimfahamu. Kondoo wanachechemea kwa sababu kuna mtu alikuwa akijifunzia kwao kukata mshipa wa mguu bila kuacha alama. Ankara ya gauni ni ya mwanamke wa pembeni, na mwanamke wa pembeni anataka fedha, na fedha inapatikana ukimlemaza farasi wako mwenyewe ukaweka dau kwa mwingine. Mkufunzi alimtoa farasi wake, akawasha kiberiti bondeni aone vizuri, farasi akashtuka, akarusha teke. Muuaji ni farasi.

Nani alitudanganya? Hakuna. Watson aliona kondoo, akaandika kondoo. Aliona ankara, akaandika ankara. Aliona hata furaha ya Holmes, akaiandika. Kitu pekee ambacho hakukiandika ni maana, na hakukiandika kwa sababu hakuwa nacho. Hapo ndipo uaminifu wake unapofanya kazi. Mtu mwaminifu asiyejua ndiye mtu pekee anayeweza kukuonyesha kila kitu na bado ukabaki gizani, bila mtu yeyote kukuibia haki yako.

Hivyo ninaposema Watson ana kazi, sisemi kazi ya kumsifia bwana mkubwa. Naisema kazi ya jicho. Jicho linaona, halipimi.

Mtaniuliza, unajuaje? Labda Doyle angeweza kuandika vilevile bila Watson. Swali zuri, na bahati nzuri Doyle mwenyewe alijaribu. Kuna hadithi sitini za Holmes, fupi hamsini na sita na riwaya nne. Mbili katika hizo, zote za mwaka 1926, Holmes anasimulia kwa mdomo wake mwenyewe. Watson hayupo. Hili ni jaribio kamili, mwandishi yule yule na mpelelezi yule yule, kilichoondolewa ni mtu mmoja tu.

Ya kwanza, ya askari aliyefichwa na wazazi wake, inaanza kwa Holmes kulalamika. Anakiri kwamba sasa ameshika kalamu mwenyewe ameona kumbe ni lazima jambo lipangwe kwa namna ya kumvutia msomaji, yeye aliyekuwa akimcheka Watson miaka yote. Na anapofika mahali pa kueleza anachokijua, anasema wazi kwamba hapo ndipo anapomkosa Watson wake. Kwa maswali yake na mshangao wake, Watson alikuwa akiigeuza akili ya kawaida iliyopangwa vizuri kuwa muujiza. Yeye akisimulia mwenyewe hana msaada huo. Doyle alikuwa ameandika habari za watu hawa karibu miaka arobaini. Alijua anachokisema.

Ya pili ni mbaya zaidi, na naipenda kwa ubaya wake.

Holmes amestaafu, anafuga nyuki karibu na bahari kusini mwa Uingereza. Asubuhi moja mwalimu wa shule ya jirani anakuja akipepesuka kutoka ufukweni, mgongo umejaa michirizi myekundu kana kwamba amechapwa kwa waya. Anatamka maneno yasiyoeleweka juu ya manyoya ya simba, anakufa. Baadaye mbwa wa marehemu anakutwa amekufa pale pale ufukweni. Hapa kwetu pwani nadhani nusu ya ukumbi mmeshajua. Naona mama pale anatikisa kichwa. Ndiyo, mama, ni konyeza, yule kiumbe wa baharini mwenye nyuzi zinazochoma, ila huyu ni wa aina kubwa ya bahari za baridi.

Sasa, Holmes anasimulia mwenyewe. Je, anajua au hajui? Kama anajua, hana budi atuambie, maana anayesema ni yeye, na tuko ndani ya kichwa chake. Kwa hiyo Doyle analazimika kumfanya babu wa wapelelezi awe na usahaulifu. Holmes anatuambia kichwa chake ni stoo iliyojaa vitu, kwamba kuna jambo aliwahi kulisoma mahali, halimjii vizuri. Sawa, tukubali, umri umekwenda. Kisha anapanda darini, anapekua vitabu, anakipata kitabu, anasoma sura anayoitafuta, na hatuambii inasema nini. Anakifunga, na sisi tunafungiwa nje ya kichwa ambacho tulikaribishwa ndani yake tangu mstari wa kwanza.

Mnaona tofauti? Watson angesema: Holmes alipanda darini akashuka na kitabu, macho yanamng'aa, nikamuuliza kuna nini, akaniambia subiri kesho. Taarifa ni zile zile. Lakini kwa Watson ni habari ya kweli, na kwa Holmes ni hila.

Hila hii hii naikuta katika miswada ninayoletewa. Mpelelezi anasimulia kwa nafsi ya kwanza, anakwenda mbio sura kumi na nne, kisha sura ya kumi na tano anaandika: "Nikaitazama ile risiti, na papo hapo nikamjua muuaji. Lakini sikumwambia mtu." Hukumwambia mtu? Na mimi ninayekusoma si mtu? Nimekulipia kitabu, nimekaa kichwani mwako tangu mwanzo, leo unanitoa nje? Ukiona mstari wa namna hiyo katika kazi yako, usiufute halafu ukaendelea. Tatizo haliko kwenye mstari. Ulichagua jicho lisilofaa tangu ukurasa wa kwanza.

Niseme haraka jambo moja kabla hamjanirushia viatu. Si kila hadithi ya uhalifu inahitaji wawili. Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba hana haja ya Najum. Yule ni jasusi. Swali letu kwake ni kama atatoka salama, kama risasi itampata. Anachowaza hakihitaji kufichwa, kwa sababu utamu uko kwenye hatari, na hatari inanoga zaidi ukiwa ndani ya ngozi yake. Mtu wa pili anahitajika pale ambapo utamu uko kwenye wazo.

Sasa twende kwenye vituko.

Watu wengi wanadhani vituko vya mpelelezi ni mapambo. Mwandishi chipukizi anasikia mpelelezi lazima awe na kituko, basi anampa wake kofia, au anampa kupenda ndizi mbivu, anaendelea. Mimi nasema vituko ni leseni.

Fikirini. Katika maisha ya kawaida, mtu anayemjua muuaji halafu akakaa kimya siku tatu ni mtu wa ajabu. Akifa mtu mwingine katikati ya siku hizo, tutamlaumu. Afisa wa polisi wa kawaida angetoa taarifa kwa mkubwa wake jioni ile ile. Hivyo ukitaka mtu asiyesema mpaka mwisho, unahitaji mtu ambaye kutosema ni tabia yake. Holmes anapenda maonyesho, anataka pazia lifunguliwe kwa kishindo. Poirot hataki kutamka mpaka kila kitu kimekaa sawa, na tena anaamini Hastings ana uso usioweza kuficha siri, ukimwambia kitu mtuhumiwa atakisoma usoni pake. Nero Wolfe, wa mwandishi Rex Stout wa New York, anafumba macho na kuchezesha midomo nje na ndani, na Archie Goodwin, kijana wake wa kazi, anajua wakati huo hapaswi kumsemesha.

Huyo Wolfe nimtazame kidogo, maana kwake jambo hili lilifikishwa mbali kuliko kwa wote. Alianza 1934 na vitabu viliendelea mpaka 1975. Ni mtu mnene ajabu. Hatoki nyumbani kwa ajili ya kazi. Kila siku saa tatu hadi saa tano asubuhi yuko juu kwenye maua yake ya okidi, na tena saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na hata mji uungue hashuki. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo atapeleleza vipi? Nani atakwenda kuwahoji wajane, nani atamfuata mtu kwa gari, nani atapigwa ngumi? Archie. Archie anatoka, anaona, anasikia, na ana kumbukumbu ya kuweza kurudia mazungumzo marefu neno kwa neno. Anarudi, anamsomea Wolfe yote. Sisi tuliokuwa na Archie tumesikia neno kwa neno yale yale aliyosikia Wolfe. Wolfe anafumba macho, anajua. Sisi hatujui.

Ule unene na yale maua, kumbe, vimejengwa ili jicho na akili vitenganishwe kabisa, kimoja kikae kwenye kiti na kingine kiwe barabarani. Na zingatieni, Archie si mjinga hata kidogo. Ana mdomo, ana akili ya mtaani, anamdai bosi wake mshahara, anamshinikiza akubali kazi fedha zinapopungua. Msomaji anampenda Archie kuliko Wolfe, na Stout alijua hivyo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Wanadhani ili mmoja aonekane na akili, mwenzake lazima awe mpumbavu.

Padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika hadithi za upelelezi, mwaka 1929 alitoa amri kumi za uandishi huu, nusu kwa utani. Ya tisa inamhusu rafiki wa mpelelezi. Inasema asifiche wazo lolote linalompitia kichwani, na akili yake iwe chini kidogo, kidogo sana, ya akili ya msomaji wa kawaida. Kidogo sana! Siyo chini kabisa. Kwa nini kidogo? Kwa sababu ukiwa mbele ya Watson kwa hatua moja unajisikia vizuri, na wakati unajisikia vizuri Holmes yuko mbele yako hatua kumi. Akiwa mjinga mno, unaacha kutazama kwa macho yake, unaanza kumtazama yeye. Na ukimtazama yeye, jicho limepotea.

Ilitokea kwenye sinema. Kati ya 1939 na 1946 zilitengenezwa filamu kumi na nne za Holmes, Basil Rathbone akiwa Holmes na Nigel Bruce akiwa Watson. Bruce alimcheza Watson kama mzee anayebabaika, anayekosea kila kitu, wa kuchekwa. Watu walicheka, na kwa miaka mingi dunia ikaamini Watson ndivyo alivyo. Lakini Watson wa vitabuni ni daktari, ni askari aliyejeruhiwa vitani Afghanistan. Ni yeye aliyekaa chini kuandika orodha ya anayoyajua na asiyoyajua Holmes, akagundua kwamba gwiji huyo hajui kuwa dunia inalizunguka jua. (Jeraha lake, tukiwa hapo, liko begani katika riwaya ya kwanza, na katika ya pili limehamia mguuni. Doyle hakuwa mtu wa kurudi kusoma alichoandika. Nyie rudini msome.)

Na aliyetulia hutoa kitu ambacho mwenye akili nyingi hana. Nawapa mfano ninaoupenda, wa Christie, riwaya yake ya kwanza ile ya 1920. Sitamtaja muuaji, msinitazame hivyo.

Poirot ana ugonjwa wa unadhifu. Kitu kikikaa upande, mkono wake unakwenda wenyewe kukinyoosha. Upelelezi umekwama, kuna ushahidi mmoja unakosekana. Hastings, katika mazungumzo ya kawaida tu, anamkumbusha jinsi siku ile alivyokuwa na hasira mpaka mikono inamtetemeka akinyoosha mapambo juu ya rafu ya tanuri la kuotea moto. Poirot anaruka kama aliyechomwa, anakimbia nje, Hastings anabaki ameduwaa. Kulikoni? Poirot amekumbuka kwamba mapambo yale alikwishayanyoosha mapema asubuhi ile ile. Kama aliyanyoosha, kwa nini yalihitaji kunyooshwa tena? Kuna mtu aliyagusa katikati. Na aliyagusa kwa sababu alikuwa akificha kitu humo: barua, iliyochanwa vipande virefu na kusokotwa kama vijikaratasi vya kuwashia moto, ikatiwa kwenye chombo kilekile cha vijikaratasi hivyo, mbele ya macho ya kila mtu.

Tazameni kazi ilivyogawanywa. Bila kituko cha Poirot, mapambo yasingenyooshwa, wala mara ya pili isingekuwa na maana. Bila Hastings, hakuna aliyekuwa akimtazama Poirot. Poirot alikuwa akitazama nyumba nzima, isipokuwa mikono yake mwenyewe. Mwenye akili nyingi hajioni. Anahitaji mtu anayemjali kiasi cha kukumbuka kwamba mikono yake ilitetemeka.

Hilo halihitaji akili nyingi. Linahitaji mtu anayekaa karibu.

Lakini tusimpambe mno Hastings. Christie mwenyewe alimchoka. Alimwoza, akampeleka Argentina, na vitabu vingi vya Poirot havina Hastings ndani. Kuna gharama: mtu wa pili akishakuwa wa kushangaa tu, mshangao unachosha kitabu cha sita. Na mwaka 1926 Christie aliitumia vibaya, au niseme vizuri mno, ile imani tuliyonayo kwa msimulizi mtulivu anayekaa pembeni ya mpelelezi. Waliosoma wananielewa. Ambao hamjasoma, kasomeni, msimuulize mtu.

Nimalizie na televisheni, kwa sababu kuna kijana alinikamata pale nje kabla hatujaanza, akaniambia: mzee, hayo ni ya vitabu, kwenye skrini hakuna msimulizi, kamera inaona wote wawili, sasa mtu wa pili wa nini?

Ana hoja. Kwenye skrini lile jicho limekuwa kamera. Lakini mtu wa pili hakufa. Alibadilishiwa kazi kidogo, sasa ndiye anayeambiwa. Kitabuni wazo likikaa kimya kuna mtu wa kulizunguka kwa maneno. Kwenye skrini wazo likikaa kimya unaona mtu mzima anatazama ukuta. Lazima awepo wa kumuuliza, bosi, unawaza nini? Na lazima awepo wa kubaki amesimama pale bosi anapoondoka bila kujibu, ili kamera ibaki naye, na sisi tubaki naye.

Mfano mzuri kwangu ni Inspekta Morse wa Oxford, kutoka vitabu vya Colin Dexter, aliyerushwa kwenye televisheni ya Uingereza tangu 1987 hadi 2000, vipindi thelathini na tatu. Morse anasikiliza opera, anajaza mafumbo ya maneno ya magazetini, anakunywa bia, na hawezi kutazama maiti, yeye ambaye kazi yake ni mauaji. Mwenzake ni Sajenti Lewis. Mke, watoto, chakula cha nyumbani, na mara nyingi ndiye anayelipia ile bia. Vitabuni Lewis alianza akiwa Mwelshi, tena si kijana. Televisheni ikamfanya kijana wa Newcastle, kaskazini, mwenye lafudhi yake. Kwa nini wakambadili? Wawili wazee wangekuwa wanafanana mno. Akiwa kijana wa kaskazini katikati ya maprofesa wa Oxford, kila kitu ni kigeni kwake, ana haki ya kuuliza, na anapouliza ametuulizia sisi. Tena anapomaliza kueleza Morse nadharia yake nzuri ya saa nzima, mara nyingi ni mbaya. Morse hukosea sana, na Lewis ndiye anayeleta kile kijikaratasi cha simu kinachoibomoa nadharia, aanze upya.

Kisha likatokea jambo ambalo, kwangu, linamaliza ubishi. Mfululizo wa Morse ukaisha, Morse mwenyewe akafa. Watazamaji wakamtaka Lewis. Mwaka 2006 Lewis akarudi, safari hii yeye ndiye inspekta, jina lake ndilo jina la kipindi. Mtu aliyetulia amepata kipindi chake mwenyewe. Waandishi walikuwa na uhuru wote wa kumwacha apeleleze kwa namna yake, kwa subira na miguu.

Walifanya nini? Walimpa sajenti mpya, Hathaway, kijana mrefu mkimya aliyesoma Cambridge, aliyekuwa akisomea upadri akaacha, anayepiga gitaa na kunukuu mashairi na kujua Kilatini. Yaani walimtafutia Morse mwingine, wakamweka chini yake badala ya juu. Vyeo vimegeuzwa, mmoja bosi na mwingine mdogo, na bado wawili ni wale wale. Kipindi kikaenda mpaka 2015.

Muda wangu umeisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Kipaza sauti kipo pale kushoto. Mwenye swali asimame, na anayebishana nami juu ya Willy Gamba aanze yeye.